Wasifu kamili, uliopogolewa au wa ujuzi: ulinganisho kwa fundi wa miaka 55 anayeomba kazi Mwanza

Fundi ninayemzungumzia hapa alizaliwa mwaka 1970, anaishi Nyakato, na maisha yake yote ya kazi ameyapitisha kwenye mitambo ya ubaridi: kwanza friji za majumbani, baadaye mtambo wa barafu ya wavuvi, kisha viwanda viwili vya minofu ya sangara. Kiwanda cha mwisho kilipunguza zamu mwaka 2023 kwa sababu samaki waliokuwa wakipokelewa hawakutosha tena kuendesha mitambo yote, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwaka 2025 aliona tangazo la msimamizi wa mitambo ya ubaridi katika kiwanda kingine cha samaki, akaniletea wasifu wake wa kurasa tano, uliochapwa katika duka la steshenari, ili niutazame kabla hajautuma.

Aliniletea mimi kwa sababu kwa miaka 11 nilikuwa afisa rasilimali watu katika kampuni moja ya hapa jijini, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuchuja maombi. Nimekaa katika vikao ambamo maombi ya mtu mwenye sifa zote yaliwekwa kando baada ya mjumbe mmoja kusoma mwaka wa kuzaliwa na kusema, "Huyu ni mzee wetu, tumwache apumzike." Hakuna aliyeuliza mzee huyo anajua nini. Jambo hilo lilinisumbua wakati ule na linanisumbua hadi leo, na ndiyo sababu nimeona niandike ulinganisho huu kwa urefu.

Alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kutuma wasifu kamili kama ulivyo, wenye kila kitu tangu shule ya msingi. Ya pili ni kuupogoa, yaani kuondoa miaka ya mwanzo na ujuzi uliopitwa na wakati, na kubakiza yale yanayoihusu kazi inayoombwa. Ya tatu ni kuupanga upya kwa ujuzi bila tarehe zozote. Wengi hapa kwetu huandika wasifu kwa Kiingereza. Mistari ninayoinukuu nimeiweka kwa Kiswahili, na mambo yanayoamuliwa ni yaleyale kwa lugha zote mbili.

Tangazo lilitaka nini

Kabla ya kugusa wasifu, tulilisoma tangazo na kupiga mstari chini ya mambo manne: uzoefu usiopungua miaka 5 katika kusimamia mitambo ya ubaridi kiwandani, uwezo wa kuhudumia mtambo wa ubaridi unaotumia gesi ya amonia, uzoefu wa kutunza kumbukumbu za joto la vyumba baridi kwa ajili ya ukaguzi, na cheti cha ufundi wa majokofu. Hakuna mahali ambapo umri ulitajwa. Mambo hayo manne ndiyo yaliyokuwa kipimo chetu, kwa maana mtu akianza kupogoa bila kujua msomaji anatafuta nini, hukata kwa hofu tu, na mara nyingi hukata mahali pasipostahili.

Wasifu kamili na uliopogolewa, mstari kwa mstari

Jedwali hili linaonyesha sehemu zilizobadilika zaidi. Upande wa kushoto ni maneno ya wasifu alioniletea, na upande wa kulia ni yale tuliyokubaliana baada ya jioni mbili za mazungumzo.

| Wasifu kamili | Wasifu uliopogolewa |
|---|---|
| Amezaliwa 14 Machi 1970, ameoa, watoto 6, Mkristo, namba ya NIDA | Jina, namba ya simu, barua pepe, Nyakato, Mwanza |
| Shule ya msingi 1977–1983. Sekondari 1984–1987 | Imeondolewa |
| Majaribio ya ufundi Daraja la Tatu 1989, la Pili 1991, la Kwanza 1994 | Majaribio ya ufundi Daraja la Kwanza, majokofu na viyoyozi |
| 1990–1996: fundi wa friji, kuchaji gesi ya R-12 | Imeondolewa |
| 1996–2002: fundi wa zamu, kiwanda cha barafu. 2002–2009: fundi, kiwanda cha samaki | Uzoefu wa awali: miaka 13 katika mitambo ya amonia, kiwanda cha barafu na kiwanda cha minofu, Mwanza |
| 2009–2023: msimamizi wa matengenezo | 2009–2023: msimamizi wa matengenezo, pamoja na maelezo ya mistari minne |
| 2023: kuachishwa kazi | 2023 hadi sasa: fundi wa kujitegemea, pamoja na maelezo ya kazi zilizofanyika |
| Kompyuta: MS-DOS, Windows 98, taipureta | Kumbukumbu za joto katika Excel |

Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi. Tarehe ya kuzaliwa, ndoa, watoto na dini havimsaidii mwajiri kujua kama fundi anaweza kulinda shehena ya minofu isiharibike. Vimo kwenye wasifu kwa sababu kiolezo cha steshenari kina nafasi zake, na mchapaji huzijaza zote. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni namba ya NIDA: tarakimu zake nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anaweza kufuta tarehe ya kuzaliwa kwa uangalifu wote na kuiacha palepale, mistari miwili chini, ndani ya namba ya kitambulisho. Vivyo hivyo kwa anwani ya barua pepe yenye 1970 mwishoni, na kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne inayoishia na mwaka. Namba ya NIDA itaombwa wakati wa kuandaa mkataba, na hapo ataitoa.

Kuhusu ujuzi uliopitwa na wakati, R-12 ndiyo mfano ulio wazi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia ifikapo mwaka 2010. Fundi anayeiweka juu ya orodha ya ujuzi wake anamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba mara ya mwisho alipojifunza jambo jipya ilikuwa zamani. R-22 ni habari nyingine: nayo inaondolewa hatua kwa hatua, lakini ingali ndani ya mitambo mingi inayofanya kazi, kwa hiyo ilibaki. MS-DOS na taipureta viliondoka bila mjadala. Hakuna msaili hata mmoja atakayeuliza juu ya vitu hivyo, na kutokuitaja taipureta si kumdanganya mtu.

Mahali ambapo kanuni ya miaka 15 ingemwangusha

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtu abakize kazi za miaka 10 hadi 15 iliyopita na kufuta zilizotangulia. Kwa watu wengi ushauri huo unafaa, kwa sababu kazi za karibuni huwa ndizo kubwa zaidi na ndizo zinazofanana na ile inayoombwa. Kwa fundi wetu ungekuwa kosa kubwa, na hapa ndipo naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote.

Kiwanda alichofanyia kazi tangu 2009 hadi 2023 kilitumia gesi ya R-404A, si amonia. Amonia aliifanyia kazi kabla ya hapo, miaka 6 kwenye kiwanda cha barafu na miaka 7 kwenye kiwanda cha kwanza cha samaki. Tungekata kila kitu kilichotangulia mwaka 2010, tungebaki na wasifu safi wa kurasa mbili usio na neno amonia hata mara moja, ilhali amonia ilikuwa sharti la pili la tangazo. Umri usingeonekana, na sifa nayo isingeonekana.

Wala mtu asidhani kwamba ubaridi ni ubaridi tu, na kwamba aliyezoea gesi nyingine ataizoea amonia kwa siku chache. Katika mitambo ya R-22 au R-404A, mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na kurudi nayo iwapo mabomba yamepangwa vizuri. Katika mtambo wa amonia mafuta hayachanganyiki na gesi iliyo katika hali ya kimiminika. Ni mazito kuliko amonia, hivyo hujikusanya sehemu za chini, na fundi lazima ayatoe kwa mkono kupitia vali, kwa utaratibu na kwa tahadhari, kwa sababu hapo ndipo amonia inapoweza kumlipukia usoni. Mabomba yake ni ya chuma, kwani shaba huliwa na amonia. Msaili anayeijua kazi huuliza mambo haya mapema kabisa, na asiyewahi kushika vali ile hujulikana kwa jibu lake la kwanza.

Kwa hiyo tulikata kwa kigezo cha uhusiano na kazi, na mwaka ukawa kigezo cha pili. Miaka ya friji za majumbani iliondoka. Miaka 13 ya amonia ilibaki, ikafupishwa kuwa aya moja chini ya kichwa "Uzoefu wa awali", bila tarehe za kuanza na kumaliza, lakini ikiwa na idadi ya miaka, aina ya mtambo na kazi zenyewe: kutoa mafuta, kuondoa hewa iliyoingia kwenye mfumo, kuyeyusha barafu kwenye vipoozeo, na kushughulikia uvujaji.

Mtu makini atasema kwamba msomaji anaweza kujumlisha. Miaka 13, kisha 14, kisha miwili ya kujitegemea: inafika 29, na anayejumlisha atajua kwamba huyu si kijana wa miaka 30. Ni kweli, na nililifikiria hilo kabla ya kuibakiza idadi ile. Nilichotaka ni kwamba mchujaji akutane na amonia na usimamizi kwanza, na umri aufikie baadaye, akiwa tayari ana sababu ya kumwita. Kumficha kabisa nisingeweza bila kuondoa sifa yenyewe, na sifa ilikuwa na thamani kubwa kuliko maficho.

Mpaka kati ya kupunguza na kudanganya

Hapa kuna ugumu wa pili, nao hauonekani haraka. Kuondoa tarehe kwenye uzoefu wa awali ni halali, lakini maneno yanayobaki yanaweza kudanganya kwa namna yalivyopangwa. Rasimu ya kwanza aliyoiandika mwenyewe ilisema, chini ya orodha ya ujuzi, "Huhudumia mitambo ya amonia." Kiambishi kile kinasema ni jambo analolifanya sasa, na alikuwa ameacha kulifanya mwaka 2009. Tulibadilisha ikawa "Alihudumia", na sentensi ikahamia chini ya uzoefu wa awali, mbali na kiwanda cha 2009 hadi 2023, ili mtu asifikiri kwamba kiwanda hicho kilikuwa na amonia. Tofauti ni ya herufi chache, lakini ndiyo tofauti kati ya mtu anayechagua la kusema na mtu anayepotosha.

Kipimo nilichompa ni hiki: chukua kila mstari na ufikirie msaili akikuuliza "Lini, wapi, na hadi lini?" Jibu la kweli likiufanya mstari uonekane kama hila, uandike upya. Likiuongezea tu maelezo, uache.

Tulipokuwa tukikipitisha kipimo hicho kwenye mstari wa amonia, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mwaka 2024 aliitwa mara tatu na mwenye kiwanda kidogo cha barafu kwenda kutoa mafuta na kubadilisha vali kwenye mtambo wa amonia. Nilimuuliza kwa nini haikuwamo katika kurasa zake tano. Alinijibu, "Kile kilikuwa kibarua tu, ndugu yangu, si ajira." Alikuwa ameandika shule ya msingi na kuiacha kazi ya mwaka uliopita ambayo ilijibu sharti la tangazo moja kwa moja. Nimeliona hili kwa watu wengi wa umri wake: ajira yenye barua ndiyo wanayoiona kuwa kazi, na waliyoifanya baada ya kupunguzwa wanaionea haya. Tuliiandika chini ya "2023 hadi sasa", kwa idadi ileile ya mara tatu, pamoja na matengenezo ya vyumba baridi vya hoteli, bucha na duka la dawa. Baada ya hapo uzoefu wake wa amonia ulikuwa na mguu mmoja zamani na mguu mmoja sasa, na yote miwili ilikuwa ya kweli.

Cheti nacho kilihitaji uangalifu. Fundi wetu ana cheti cha majaribio ya ufundi Daraja la Kwanza cha mwaka 1994, cha mfumo wa zamani wa madaraja, wakati siku hizi VETA hutoa tuzo za ufundi kwa ngazi. Rafiki yake alimshauri aandike "Ngazi ya Tatu" kwa sababu eti ni kitu kilekile na kinasikika cha kisasa. Nilikataa kabisa. Cheti huandikwa kwa jina lililo juu yake. Ukikipa jina jingine, umedai tuzo ambayo hukupewa, na siku nakala itakapowekwa mezani hakutakuwa na la kujitetea. Kutouandika mwaka wa cheti kwenye wasifu ni sawa. Kuufunika mwaka kwa karatasi nyeupe kabla ya kutoa kopi ni kughushi, nami nimewahi kupokea kopi za namna hiyo zaidi ya mara moja. Tangazo likitaka nakala za vyeti ziambatishwe tangu mwanzo, mwaka utaonekana, na mwombaji aridhike na hilo.

Tarehe za ajira mbili za karibuni tulizilinganisha na vyeti vyake vya utumishi, hati ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi ajira inapokoma. Wasifu wa zamani ulisema aliondoka Desemba 2023, hati ikasema Septemba. Alikuwa amekosea tu kwa kukumbuka, lakini msomaji hawezi kujua hilo, na ukosefu mkubwa wa uaminifu ni miongoni mwa sababu ambazo kanuni za ajira za mwaka 2007 zinazitambua kuwa zinaweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Miezi mitatu ya kukumbuka vibaya haistahili kuwekwa mahali pa kutafsiriwa hivyo.

Wasifu wa ujuzi bila tarehe

Njia ya tatu siipendekezi kwa fundi huyu wala kwa walio wengi. Wasifu unaoorodhesha ujuzi na kuacha kabisa wapi na lini humfanya mchujaji ashuke moja kwa moja kutafuta tarehe, na asipoziona huhisi kuna kilichofichwa, ama umri, ama kufukuzwa, ama miaka ya kukaa bila kazi. Mimi mwenyewe niliuhisi hivyo nilipokuwa nikichuja. Unaweza kumfaa anayehamia fani tofauti kabisa, kwa mfano fundi anayetaka kuwa muuzaji wa vipuri, ambapo majina ya vyeo vyake vya zamani hayaelezi anachoweza kufanya sasa. Hata huyo namshauri aweke tarehe za ajira yake ya mwisho.

Mahali ambapo wasifu kamili ndio bora

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba kupogoa ndiko sahihi kila mahali. Fundi wetu alikuwa na maombi mengine mawili mkononi, na kwa yote mawili jibu lilikuwa tofauti.

La kwanza lilikuwa la mkandarasi aliyetaka kumtaja kama mtaalamu katika zabuni ya kufunga vyumba baridi. Katika zabuni nyingi wataalamu hupewa alama kwa miaka ya uzoefu unaothibitika, na kila mwaka unaokatwa unaweza kuwa alama iliyotupwa. Hapo tulirudisha miaka yote ya viwandani na tarehe zake, tukaacha nje tu shule ya msingi, dini na taipureta. Umri uliokuwa mzigo kwa mwajiri mmoja ulikuwa mtaji kwa mwingine, na mtu ni yuleyule.

La pili lilikuwa nafasi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambao mtoto wake alikuwa ameanza kumjazia. Huko hakuna cha kupogoa. Matangazo yake kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji walio nje ya utumishi wa umma, hudai cheti cha kuzaliwa, na huonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Kwa mtu wa miaka 55 aliye nje ya utumishi, kulijaza kungekuwa kupoteza jioni, nami nilimwambia hivyo waziwazi.

Sekta binafsi haina ukomo wa namna hiyo kisheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ile ya 2004 kinautaja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuitumia kumbagua mtu, na kinga hiyo inamhusu anayeomba kazi pia. Taabu iko kwenye ushahidi: asiyeitwa kwenye usaili hapewi sababu, na hawezi kuthibitisha kilichosemwa katika chumba ambacho hakuwamo. Kwa sababu hiyo naona kupogoa kwa uaminifu ni kinga ya karibu zaidi, ingawa ninaamini kwa dhati kwamba mzigo huu haukupaswa kubebwa na mwombaji.

Fomu na usaili

Wasifu ni maelezo ambayo mwombaji huyachagua mwenyewe. Fomu ya mwajiri si hivyo: ikiuliza tarehe ya kuzaliwa, anaandika 14 Machi 1970, ikitaka ajira zote tangu mwanzo, anaziandika zote, pamoja na zile friji za 1990. Kuacha nafasi tupu au kuandika mwaka mwingine kwenye fomu anayoitia sahihi kunaondoa uhalali wa upogoaji wote uliotangulia. Msaili naye akiuliza, "Una miaka mingapi?" jibu ni "Hamsini na mitano," bila kuzunguka wala kuomba radhi.

Tulilifanyia mazoezi swali linalofuata baada ya hilo, ambalo wasaili wengi huliuliza kwa kificho: atadumu muda gani. Umri wa kustaafu kwa lazima katika mfumo wetu wa hifadhi ya jamii ni miaka 60, na mikataba mingi ya kampuni huufuata. Fundi wetu alikuwa na miaka mitano mbele yake, na tuliona ni heri aitaje mwenyewe: kwamba anatafuta miaka mitano ya kazi, kwamba hana mpango wa kuhama mji, na kwamba ndani ya muda huo anaweza kuwafundisha mafundi vijana wawili kutoa mafuta kwenye amonia bila mtu kuumia. Nilimsihi asiseme maneno yanayoanza na "Enzi zetu" na asimfundishe msaili kazi. Mjumbe wa usaili anayeweza kuwa umri wa mwanawe amwite "bosi" au "mheshimiwa" kadiri desturi ya mahali itakavyoelekeza, na akiitwa "mzee" aitike kwa ukarimu, kwa sababu hapa kwetu neno hilo huwa la heshima kabla halijawa la kumbagua mtu.

Hati anazozitunza sasa

Wasifu uliopogolewa ulitoka kurasa mbili. Tuliuhifadhi kwa jina lake na cheo anachoomba, kwa kuwa jalada la zamani lilikuwa na 1970 kwenye jina na lingelionekana kwenye simu ya mpokeaji kabla hajalifungua. Zile kurasa tano hatukuzitupa. Tulizisahihisha ile Desemba ikawa Septemba, tukaziongezea vibarua vitatu vya 2024, majina ya wadhamini na tarehe kamili za kila ajira, na sasa ziko kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyake halisi. Haitumwi kwa mtu yeyote. Akipewa fomu inayotaka kila kitu, anaifungua bahasha hiyo na kunakili, ili alichoandika kwenye fomu ya leo kilingane na alichoandika kwenye fomu ya mwaka jana.